Kalamu, lanseti inayojificha au lanseti tupu: kipi cha kumpimia mzee sukari nyumbani?

Mama alipoanza kupimwa sukari nyumbani asubuhi na jioni, boksi la mashine lilikuja na kalamu moja ya kutobolea kidole na lanseti kumi, yaani visindano vyake. Siku ya sita hazipo. Nikaenda duka la dawa kununua nyingine, na dada wa kaunta akaniwekea aina tatu mbele yangu. Akaniuliza nataka ipi, nikachukua ya bei ndogo.

Wiki hiyohiyo shangazi yangu, ambaye naye ana kisukari, akaja kutusalimia kutoka Muheza. Asubuhi aliniona nikimpima mama, akanyoosha mkono wake. "Nipime na mimi, mwanangu. Si unabadilisha sindano?" Kweli nilibadilisha sindano. Nikampima kwa kalamu ileile ya mama siku nne mfululizo, mpaka muuguzi wa kliniki aliposikia habari hiyo na kuweka kalamu chini. Alituagiza sote watatu tupimwe homa ya ini B. Majibu yalikuwa salama, na tulirudia kipimo baadaye kwa sababu virusi hivyo vinaweza kuchelewa kuonekana. Siku zile za kusubiri sizisahau, na ndizo zilizonifanya nijifunze tofauti ya vifaa hivi vitatu.

Vigezo kabla ya kununua

Nimevipima vyote vitatu kwa mambo yaleyale manne. La kwanza ni mzee mwenyewe: anaumia kiasi gani, na tone la damu linapatikana kwa mchomo mmoja? La pili ni mkono wa anayempima, maana sindano iliyotoka kidoleni kwa mzee inaweza kuingia kidoleni kwako. La tatu ni mtu wa pili ndani ya nyumba: je, kuna mwingine anayepimwa, au atakayekuja kupimwa? La nne ni gharama na taka, kwa sababu kupima mara mbili kwa siku ni lanseti 60 kwa mwezi, na kila moja lazima iwe na mahali pa kwenda.

Kuna jambo moja ambalo ni lilelile kwa aina zote, kwa hiyo nalisema hapa. Mikono yote miwili, yako na ya mzee, inaoshwa kwa sabuni na maji ya vuguvugu na kukaushwa vizuri kabla ya kutoboa. Siku moja mama alisoma 14.8 baada ya kumenya embe. Nilimwosha mikono kwa sabuni nikarudia, ikaja 9.1. Sukari ya tunda ilikuwa imebaki kwenye ngozi na kuchanganyika na tone la damu. Kufuta kidole mara moja kwa pamba yenye spiriti hakutoshi kuiondoa sukari ya namna hiyo. Fikiria mzee anayetumia insulini akiongezewa dozi kwa sababu ya embe.

Kalamu ya kutobolea

Hii ni ile yenye springi. Unaweka lanseti ndani, unafunga kofia, unachagua kina, unavuta springi, unaigusisha kidoleni na kubonyeza.

*Kwa mzee.* Hapa kalamu inaongoza, kwa sababu kina kinabadilishwa. Kalamu nyingi zina namba 1 hadi 5. Ngozi ya mzee mara nyingi ni nyembamba, hivyo anza na 1 au 2, na upande hatua moja tu kama tone halitoki. Ila mama yangu alilima miaka mingi na vidole vyake ni vigumu, kwake 2 ilikuwa haitoi kitu, tuliishia 4. Angalia pia namba ya lanseti kwenye boksi: 28, 30, 33. Namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba zaidi. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati penye nyama anaposhikia vitu, na badilisha vidole kila siku. Mkono ukiwa wa baridi, uning'inize chini dakika moja baada ya kuuosha kwa maji ya vuguvugu. Kukamua kidole kwa nguvu kunatoa maji ya ngozi pamoja na damu, na jibu linapotoka.

*Kwa mkono wako.* Hatari iko wakati wa kuitoa lanseti iliyotumika. Kalamu nyingine zina kitufe cha kuisukuma nje. Nyingine zinakutaka uivute kwa vidole. Kama unampima mtu mwingine, usinunue hiyo ya kuvuta kwa vidole. Yenye kitufe unaielekeza moja kwa moja mdomoni mwa chombo cha taka na kusukuma, bila kuigusa sindano. Usirudishe kile kikofia kidogo cha plastiki huku umekishika kwa vidole vya mkono wa pili. Watu wengi hujichoma hapohapo.

*Kwa mtu wa pili.* Hapa kalamu haifai kabisa, hata ukibadilisha lanseti. Jibu hili watu wengi hulikataa mwanzoni, na mimi nililikataa, kwa hiyo nieleze sababu. Kofia ya kalamu inakandamizwa juu ya kidole. Sindano inapotoka, damu kidogo isiyoonekana kwa macho inabaki kwenye ukingo wa tundu la kofia na ndani yake. Lanseti mpya ya mtu wa pili inapita katika tundu hilohilo kabla ya kuingia kwenye ngozi yake. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kubaki na uwezo wa kuambukiza kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo hata kalamu ya jana si safi.

Hili limeshaua watu. Mwaka 2010, katika nyumba moja ya kutunzia wazee jimboni North Carolina, Marekani, wazee 8 walipata homa ya ini B ya ghafla na 6 kati yao wakafariki. Uchunguzi ulikuta vifaa vya kupimia sukari vilitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Mwaka huohuo mamlaka za afya za nchi hiyo zilirudia onyo lao: kifaa cha kutobolea ni cha mtu mmoja tu. Mume na mke wanaolala kitanda kimoja ni watu wawili. Mama na shangazi yangu ni watu wawili.

*Gharama na taka.* Kalamu inanunuliwa mara moja, na lanseti zake zinauzwa kwa boksi la 50 au 100, kwa hiyo kwa muda mrefu ni nafuu. Unafuu huo ndio unaowashawishi watu watumie lanseti moja wiki nzima. Ncha inapinda na kuwa butu, mchomo unauma zaidi, na vijidudu vya ngozi vinabaki juu yake. Unapompima mtu mwingine, tumia mpya kila mara.

*Inamfaa* mzee mmoja anayepimwa kila siku, hasa mwenye vidole vigumu au ngozi nyembamba sana inayohitaji kina cha kuchagua, na mwenye msaidizi mmoja au wawili waliofundishwa kuitoa lanseti.

Lanseti inayojificha

Hii ni ya kutumika mara moja. Springi imo ndani yake. Unavunja kikofia, unaikandamiza kidoleni, inachoma na kurudi ndani yenyewe, na haiwezi kufyatuka tena. Ndiyo utakayoiona kwenye vituo vingi vya afya siku hizi.

*Kwa mzee.* Kina kimeshawekwa kiwandani, hakibadilishwi. Kwa mama yenye kina kifupi haikutosha. Tulitoboa mara mbili, na mara mbili ni maumivu mara mbili na gharama mara mbili. Kwa shangazi, mwenye vidole laini, ilitosha siku zote. Waulize dukani kuhusu kina chake kabla ya kununua boksi zima, au nunua chache za kujaribu. Mbinu nayo ina uzito: igandamize imara ubavuni mwa kidole kabla haijafyatuka. Ukiigusisha kwa woga inafyatuka hewani, na hiyo imeshaharibika.

*Kwa mkono wako.* Hii ndiyo salama kuliko zote. Baada ya kuchoma hakuna ncha iliyo nje. Mzee aliyepoteza kumbukumbu anaweza kuvuta mkono ghafla au kukupiga kofi, na bado hutachomwa. Bibi mmoja jirani yetu alikuwa hakubali kushikwa kidole bila kupigana, na binti yake alijichoma mara mbili kwa lanseti za kawaida kabla ya kuhamia hizi.

*Kwa mtu wa pili.* Kila mtu ana yake, na yake inakwisha kazi palepale, kwa hiyo hakuna kofia ya kupokezana. Glavu nazo ni za mtu mmoja: ukimaliza kwa mama, vua, osha mikono, vaa nyingine kabla ya kumgusa shangazi.

*Gharama na taka.* Moja moja ni ghali kuliko lanseti ya kalamu. Gawanya bei ya boksi kwa idadi, kisha zidisha mara 60 kabla hujaamua. Taka zake pia ni kubwa zaidi, chombo kinajaa haraka. Na ingawa sindano imejificha, plastiki ikipasuliwa inaweza kutokeza tena, kwa hiyo inaingia kwenye chombo kigumu kama nyingine.

*Inamfaa* mzee asiyetulia, nyumba yenye wasaidizi wanaobadilikabadilika, na nyumba yenye zaidi ya mtu mmoja wa kupimwa.

Lanseti tupu

Ama ni kile kibati chenye ncha ndani ya karatasi, ama ni lanseti ya kalamu inayoshikwa kwa mkono bila kalamu. Hiyo ya pili ndiyo ninayoiona sana majumbani, kalamu ikishapotea.

*Kwa mzee.* Kina kinategemea mkono wako siku hiyo. Ukiwa na woga unagusa juu juu na damu haitoki. Ukiwa na haraka unazama. Aliyezoea anaweza kutoboa vizuri kabisa kwa kibati, wauguzi wetu wa zamani walifanya hivyo miaka mingi, lakini mtu wa nyumbani hujifunzia kwenye kidole cha mzazi wake. Mzee anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wafarini au aspirini ya kila siku, anaweza kuendelea kutoka damu. Mbane kwa pamba kavu kwa dakika kadhaa na uangalie kabla ya kumwacha.

*Kwa mkono wako.* Ncha iko wazi tangu unapofungua mpaka inapodondoka ndani ya chombo, na muda huo hatari ni yako. Weka chombo cha taka pembeni, upande wa mkono unaotoboa, kabla ya kufungua karatasi. Usiiweke juu ya meza "mara moja tu" ili ushike stripu, kile kipande chembamba kinachochomekwa kwenye mashine. Ndivyo inavyokuja kumchoma mjukuu anayefuta meza.

*Kwa mtu wa pili.* Lanseti mpya kwa kila mtu, basi. Haina kofia inayobeba damu, na kwa hilo inaishinda kalamu ya kupokezana.

*Gharama na taka.* Ndiyo rahisi kuliko zote na inapatikana hata pale zingine zimekwisha. Taka ni ndogo lakini kali.

*Inamfaa* msaidizi mwenye mkono thabiti na mzee anayetulia, au siku ambayo hakuna kingine.

Ukijichoma kwa lanseti iliyotumika, ya aina yoyote, osha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usiminye, usinyonye, usimwagie jiki. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na useme damu ilikuwa ya nani. Kwa mtu asiyechanjwa, sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B ina uwezekano wa kumwambukiza wa asilimia 6 hadi 30. Kwa VVU ni takriban asilimia 0.3. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinaanza kutolewa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Chanjo ya homa ya ini B kwa mtu mzima huwa ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Iliingia kwenye chanjo za watoto Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo wengi wetu tunaowatunza wazee hatukuipata utotoni. Mimi nilichanjwa baada ya kisa cha kalamu, na mama na shangazi pia.

Mashine yenyewe

Mashine haigusi damu moja kwa moja, stripu ndiyo inayofyonza tone. Lakini vidole vyako vyenye damu vinaishika, na damu inabaki kwenye vitufe. Bora kila mtu awe na yake, na kuna sababu nyingine ya hilo: majibu ya watu wawili yakichanganyika kwenye kumbukumbu ya mashine moja, daktari atasoma wastani usio wa yeyote kati yao.

Kama uwezo ni wa mashine moja tu, ifutwe na kuuliwa vijidudu baada ya kila mtu, kwa dawa iliyotajwa kwenye kijitabu chake. Spiriti ya kawaida inaondoa uchafu, lakini isitegemewe kuua virusi vya homa ya ini B juu ya kifaa. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisidondoshe, na kisiguse tundu la stripu. Kijitabu kikiwa hakisemi lolote kuhusu kuua vijidudu, mashine hiyo ibaki ya mtu mmoja. Kalamu ya insulini haipokezanwi hata kwa kubadilisha sindano, kwa sababu damu inaweza kurudi ndani ya dawa.

Lanseti iliyotumika iende wapi

Hapa nako kuna chaguo, na nimelipima kwa maswali matatu: inatobolewa? inafunguka? mwisho wake uko mikononi mwa nani?

Sefti boksi, lile kasha la karatasi ngumu la njano la hospitali, limetengenezwa kwa kazi hii na mdomo wake hauruhusu mkono kuingia. Ukipewa kliniki, chukua. Ila halipendi maji, liweke juu, pakavu.

Chupa ya jiki au ya sabuni ya maji, ya plastiki nene yenye kizibo cha kukaza, inafanya kazi vizuri nyumbani. Bandika karatasi iliyoandikwa "SINDANO, USIFUNGUE", iweke mbali na watoto, na ikifika robo tatu kaza kizibo, zungushia gundi ya karatasi, anza nyingine. Usisubiri ijae mpaka usukume kwa kidole.

Chupa ya maji ya kunywa haifai. Plastiki yake ni nyembamba, sindano inatokeza pembeni. Mfuko wa rambo ni mbaya zaidi.

Lakini hata chupa nzuri haiendi kwenye taka za nyumbani. Kwenye miji yetu waokota chupa wanapita kila asubuhi, na chupa ya jiki ni mali kwao: wataifungua, wataimwaga, wataiuza. Chooni nako si suluhisho, kwa sababu siku shimo litakapojaa kuna mtu atashuka kulipakua. Kuchoma moto uani kunateketeza plastiki na kuacha ncha za chuma kwenye majivu wanapochezea watoto. Njia inayobaki ni kuirudisha chupa iliyofungwa kituo cha afya chenye kichomea taka. Uliza kabla wanapokea siku gani na kwa nani. Sisi tunaipeleka siku ya kliniki ya mama, pamoja na kadi yake.

Kwa hali yako

Mzee mmoja, ametulia, msaidizi ni wewe na labda mdogo wako: kalamu yenye kitufe cha kutoa lanseti, iandikwe jina lake kwa kalamu ya wino usiofutika, ikae kwenye mkoba wake pamoja na mashine yake.

Baba na mama wote wanapimwa: kalamu mbili zenye majina mawili na mikoba ya rangi tofauti, au lanseti zinazojificha kwa wote. Kama mmoja wao ana kawaida ya kuchukua kilicho karibu, usiweke kalamu kabisa.

Mzee anayesahau au anayepigana: lanseti inayojificha, hata kama ni ghali. Kama bei inakushinda, muulize muuguzi kama anaweza kupimwa mara chache zaidi kwa wiki kulingana na dawa anazotumia, badala ya wewe kupunguza mwenyewe.

Wasaidizi wengi, leo dada wa kazi, kesho mjukuu, keshokutwa jirani: lanseti inayojificha, na chupa ya taka iwe mahali pamoja pasipobadilika.

Uko mbali na mjini na dukani kuna vibati tu: tumia vibati, kimoja kwa mchomo mmoja, chupa ikiwa wazi pembeni kabla hujaanza, na mtu mmoja tu mwenye mkono thabiti ndiye atoboe.

Na mgeni akija, kama alivyokuja shangazi yangu, akanyoosha mkono wake: tuliweka lanseti tano zinazojificha kwenye bahasha, juu ya kabati. Shangazi akija sasa anapimwa kwa hizo, na mashine anakuja na yake.